Nyama Ipakuliwe, Wali Tujipakulie

Chama chetu kimo mbioni kuandaa kongamano ambalo litawaleta hapa Likoni wanafunzi wenzetu kutoka Kisauni, Changamwe na kisiwani. Katika kamati, mjadala uliotutoa jasho haukuwa juu ya mada wala juu ya wasemaji. Ulikuwa juu ya chakula cha mchana! Je, wajumbe wajipakulie wenyewe mezani kwa mtindo wa bufee, au wapewe sahani zilizokwisha pakuliwa jikoni?

Kamati iligawanyika pande mbili. Upande mmoja ulishikilia kwamba bufee ndiyo heshima, kwani mgeni hapimiwi chakula. Upande wa pili ukasema bufee ni ubadhirifu mtupu, na kwamba sahani ndiyo njia ya kubana matumizi. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zilibishana juu ya meza zikasahau mizani. Suala si jinsi chakula kitakavyopendeza machoni. Suala ni kwamba kila mtindo una kipimo chake, na anayenunua kwa kipimo cha sahani halafu akaandaa kwa mtindo wa bufee atakuwa amewanyima chakula watu ambao anaweza kuwataja mapema kwa majina. Hebu nieleze.

Tuanze na idadi. Watu wengi huhesabu fomu za kujiandikisha na kudhani wamehesabu walaji. Fomu hazina madereva, hazina wapishi, wala hazina wanafunzi watakaopakua na kuosha vyombo. Tuseme fomu ni 108 na wafanyakazi wa siku hiyo ni 12. Vinywa ni 120, na hesabu yote inayofuata ni ya vinywa, si ya fomu. Mlo wenyewe ni ule tuujuao sote: pilau ya nyama ya ng'ombe, kachumbari, na kipande cha tikiti. Bei sitazigusa, maana hupanda na kushuka. Nitahesabu kwa kilo, na kila mtu atazidisha kwa bei ya siku yake.

Njia ya kwanza ni sahani. Mwanafunzi mwenye njaa ya saa saba hutosheka na gramu 150 za mchele mbichi. Mchele huo ukiiva unakunywa maji na supu, ukawa mara mbili na nusu ya uzito wake, yaani kama gramu 375 za pilau. Hiyo ni sahani ya kuonekana, si ya kuonja. Nyama nayo tumpe gramu 150 mbichi. Wapishi wa shughuli huku kwetu wamezoea kusema kilo kwa kilo, mchele na nyama sawa, na hesabu hii inalingana nao. Juu ya watu 120 tuongeze sahani 6 za akiba, kwa sababu kuna itakayomwagika na kuna mgeni ambaye hakuandikwa. Sahani 126 mara gramu 150 ni kilo 18.9. Basi tununue kilo 19 za mchele na kilo 19 za nyama, na mambo yamekwisha. Sahani haihitaji akiba kubwa zaidi ya hiyo, kwa kuwa anayepakua ni mmoja na kipimo chake ni kimoja.

Njia ya pili ni bufee. Hapa mikono inayopakua ni 120, na kila mkono una kipimo chake. Mpishi mzoefu akiambiwa ni bufee huongeza wali kwa sehemu moja kati ya tano hivi, kwa kuwa wapo watakaojaza, wapo watakaorudi, na chombo cha mwisho mezani hakiwezi kuachwa kikaonyesha chini. Kwa hiyo mchele unakuwa gramu 180 kwa kila mtu, jumla kilo 22 kasoro kidogo. Hadi hapo hakuna kilio, maana tofauti ni kilo 3 tu. Kilio kiko kwenye nyama. Mtu anayejipakulia wali hukoma sahani ikijaa, lakini anayejipakulia nyama hana kinachomkomesha isipokuwa haya. Na haya, ndugu zangu, hupungua kadiri tumbo linavyonguruma. Tukisema kila mtu atachukua fungu moja na nusu tu, hiyo ni gramu 225. Mara watu 120, ni kilo 27. Bufee inataka kilo 8 za nyama zaidi ya sahani.

Sasa ndipo nataka msomaji asimame kidogo. Mara nyingi pesa zilizopo ni za kilo 19, lakini kamati bado yataka bufee kwa sababu ni ya kisasa. Chukua hizo kilo 19 uzigawe kwa gramu 225. Utapata watu 84, na kidogo cha kubaki. Watu 36 watafika mezani wakute pilau isiyo na nyama, na ukoko umeshaanza kukwanguliwa. Si kwamba chakula kilikuwa haba. Kilo 19 zilikuwa zikitosha watu wote 120 na ziada juu. Kilichokosekana ni mtu wa kupakua.

Na hao 36 ni akina nani? Wala si bahati nasibu. Foleni ya chakula ina desturi yake. Mbele husimama wageni rasmi na walimu, nyuma yao viongozi wa vyama, kisha wajumbe wenye vifua. Nyuma kabisa ni wadogo wa madarasa ya chini, wasichana waliobaki kupanga viti, na wale wapakuaji na waosha vyombo ambao hawawezi kula mpaka wengine wamalize. Ongeza wajumbe waliokwama ng'ambo wakisubiri feri. Sisi wa Likoni tunaijua feri yetu. Mwenzetu wa Kisauni aweza kutoka kwao alfajiri na bado akaingia ukumbini wenzake wakifuta midomo. Hivyo bufee iliyonunuliwa kwa kipimo cha sahani huwatoza gharama yake watu wa mbali, watu wadogo na watu waliofanya kazi. Waswahili walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa, nami naona msemo huo umekaa hapo hapo kwenye foleni.

Basi ati tuchague sahani moja kwa moja? La, ngoja kwanza, kwani sahani nazo zina matatizo yake. Kupakua sahani kunataka mikono mingi. Jikoni likitoa sahani nne kila dakika, sahani 120 zitachukua nusu saa nzima, na mbebaji anayebeba sahani nne kwa sinia itabidi safari zifanyike 30. Ukisubiri zote ziwe tayari ndipo uzitoe, ya kwanza imekwisha poa na mafuta yameganda juu ya nyama. Tena sahani haijui matumbo. Yule binti wa darasa la chini anapewa gramu 375 sawa na mchezaji mpira wa darasa la juu. Mmoja anabakisha nusu, mwingine anamtazama kwa jicho la husuda. Na masalio ya sahani hayana kazi tena, yameguswa, ni ya kutupa. Kwa hiyo sahani huokoa nyama lakini hupoteza wali na wakati.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Mbona tunalazimika kuchagua mtindo mmoja kwa vyakula vyote? Wali na nyama si kitu kimoja. Wali ni wa bei nafuu, hushibisha, na mtu mwenyewe ajua kiasi chake. Nyama ni ghali, ni ya kuhesabika, na kila mtu aitaka zaidi ya fungu lake. Kwa hiyo wali na kachumbari tujipakulie, nyama tupakuliwe. Tutanunua kilo 22 za mchele kama bufee na kilo 19 za nyama kama sahani. Tunaongeza kilo 3 za mchele juu ya gharama ya sahani, na tunaokoa kilo 8 za nyama kwenye gharama ya bufee. Anayejua bei za bucha na za duka la mchele ataona mara moja faida iko wapi.

Mtu ataniuliza, pilau si nyama i ndani ya wali? Utaitenga vipi? Swali zuri, kwani pilau ikiwekwa mezani ilivyo, watu huichambua kwa upawa wakitafuta nyama, na wali wa juu hubaki umevurugwa kama shamba lililopitiwa na kuku. Dawa yaanzia buchani. Tununue steki, yaani nyama isiyo na mfupa, na mwenye bucha aambiwe kilo moja aikate vipande 20. Kila kipande kitakuwa gramu 50, na kikiiva hupungua kwa karibu sehemu moja kati ya tatu. Kilo 19 ni vipande 380. Kila mtu apate vipande vitatu. Watu 120 na akiba ya 6 ni vipande 378, na viwili vinabaki vya mpishi kuonjea chumvi! Wanaohofia supu itakosa ladha waongeze kilo mbili tatu za mifupa ya kuchemshia, ambayo haiingii katika hesabu ya mafungu. Pilau ikiiva, na kabla ya kupelekwa mezani, mpishi aitoe nyama aiweke katika sufuria mbili zenye vifuniko, vipande 190 kila moja, zikae juu ya makaa machache.

Foleni ziwe mbili, meza iwe katikati. Tukiwa na foleni moja na kila mtu akachukua sekunde 15 penye kituo kinachokawia, watu 120 watamaliza kwa dakika 30. Foleni mbili zitamaliza kwa dakika 15. Na kituo kinachokawia siku zote ni cha nyama, kwa sababu mtu anachagua. Akiwekwa mpakuaji, hakuna kuchagua: vipande vitatu, karibu, apite wa pili. Hivyo mpakuaji haokoi nyama tu, bali anaokoa na wakati. Mpangilio wa meza nao una maana. Wali utangulie, kisha nyama, kisha kachumbari. Mtu hujaza zaidi kile anachokutana nacho kwanza sahani ikiwa tupu, basi na akutane na wali.

Sasa tutajuaje mambo yanakwenda mrama kabla hayajaharibika? Hesabu sahani, si watu. Zipelekwe mezani sahani 30 kwa kila foleni, na zikiisha mtu atazame sufuria ya nyama kabla hajaleta nyingine. Sahani 30 ni vipande 90. Katika vipande 190 lazima viwe vimebaki 100. Vikiwa 100, starehe. Vikiwa 92, kuna mahali vimevuja, lakini ile akiba ya vipande 10 kwa kila sufuria itaziba. Vikiwa 75, hatari imebisha hodi, na hapo ni bora kushuka hadi vipande viwili kwa kila mtu aliyebaki kuliko kuendelea na vitatu mpaka watu kadhaa wakose kabisa. Aliyepata viwili amekula nyama. Aliyekosa atasimulia mpaka Changamwe.

Na vipande huvuja kwa njia gani? Kimoja huvunjika, hilo ni la kawaida. Lakini mvujo mkubwa ni kujuana. Mpakuaji akimwona mwanadarasa mwenzake humtupia cha nne, kwa jicho la "usiseme". Akifanya hivyo kwa marafiki 40 tu, ni vipande 40, yaani mafungu ya watu 13. Ndiyo maana naona kazi ya upawa wa nyama wapewe watu wasiojuana na foleni yao: wa kwetu wawapakulie wageni, na mgeni mmoja atupakulie sisi.

Wanaochelewa kwa sababu ya feri wasiachiwe matumaini. Saa saba kasorobo, mwenye orodha ya mahudhurio aseme ni wangapi hawajafika. Wakiwa 30, vipande vyao 90 vitengwe kabla foleni haijaanza, katika sufuria ya tatu ambayo haifunguliwi. Vivyo hivyo kwa wali. Kilo 22 hazipikwi katika sufuria moja hata hivyo, zitagawanywa mbili za kilo 11. Sufuria ya pili ikae jikoni na makaa yake juu ya kifuniko mpaka ya kwanza iishe. Hilo lina faida nyingine. Wali uliokaa wazi mezani katika joto letu la pwani haufai kukaa hata zaidi ya saa moja, kwani kuna vijidudu vya wali ambavyo mbegu zake hustahimili kuchemshwa, na wali ukishakuwa vuguvugu huzaana upya. Wali uliobaki sufuriani ukiwa moto kabisa unaweza kuliwa jioni hiyo hiyo. Uliobaki mezani ni wa kutupwa.

Sijawasahau wenzetu wasiokula nyama ya ng'ombe, kwa dini au kwa afya. Fomu ya kujiandikisha iwaulize. Kosa la bufee ni kwamba mbaazi zao za nazi huwekwa mezani pamoja na vingine, na kila mla nyama huchota kidogo "za kuonja". Wenyewe wakifika wanakuta bakuli limekwanguliwa, na hawana pa kugeukia. Mbaazi hizo nazo zipakuliwe na mtu, kwa orodha, kama nyama. Pilau yao pia ipikwe kando bila supu ya nyama, la sivyo tutakuwa tumewatania. Hao nimewaacha ndani ya hesabu ya nyama ili hesabu isichanganye. Siku ya kununua, mafungu yao yatolewe.

Nakuja kwenye hoja nzito ya wapinzani wangu, ile ya heshima. Wanasema kumpimia mgeni nyama ni uchoyo, na kwamba Mswahili hana desturi hiyo. Kwa heshima zote, nawauliza: arusini kwetu chakula huja vipi? Huja kwa sinia. Sinia moja kwa watu wanne au watano, wali umerundikwa, nyama imepangwa juu. Aliyeipanga ile nyama alihesabu! Akijua wageni ni 120, anatayarisha masinia 30 ya watu wanne wanne, na kila sinia linapata sawa na mwenzake, liwe la wazee au la vijana. Hakuna mgeni aliyewahi kulalamika kuwa amepimiwa, kwa sababu kipimo kilifanyika jikoni kwa siri, na mezani likabaki neno la karibu. Basi kupima si kinyume cha ukarimu wa pwani, ndiyo siri yake ya zamani. Bufee ndiyo iliyokuja juzi ikatufundisha kuhamisha upawa kutoka mkononi mwa mpishi hadi mkononi mwa mwenye njaa.

Kwa nini basi tusitumie masinia? Ningependa, lakini wajumbe wa kongamano ni wageni wao kwa wao. Wavulana na wasichana, walimu na wanafunzi, mwenye kula kwa mkono na mwenye kutaka kijiko. Kuwapanga wanne wanne itakuwa kongamano la pili. Tuchukue hekima ya sinia tuiache sinia yenyewe.

Mwisho, anayetaka kuongeza asizuiwe. Wali aongeze apendavyo, ndiyo maana tumenunua kilo 3 zaidi. Nyama iongezwe baada ya wapakuaji na waosha vyombo kuketi na sahani zao, wala si kabla. Hicho kiwe kipimo cha kongamano letu: mtu wa mwisho kula awe na vipande vitatu sahanini, sawa na mgeni rasmi. Kamati ikikubali, daftari la hesabu hii liko tayari, kwani mali bila daftari hupotea bila habari, na nyama ni mali.

Kwa hayo machache, natoa hoja.

Mwanachama, Chama cha Kiswahili, Likoni